Kumwandikia kijana, kuiandikia benki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kuandika maneno ya watu wengine: matangazo, barua kwa wateja, ujumbe wa simu, masharti ya mikopo. Nafanyia Dar es Salaam, na wateja wangu wengi ni taasisi za fedha zinazotaka kuzungumza na vijana. Waandishi wanaoanza huniuliza maswali yaleyale, kwa hiyo nimeyaweka hapa pamoja na majibu ninayowapa. Ili tusiruke huku na kule, karibu mifano yote ni ya kitu kimoja: mkopo wa vijana wa shilingi 600,000, unaolipwa kwa miezi 6.

Tofauti ya lugha ya vijana na lugha ya benki iko wapi hasa? Si ni maneno ya mtaani tu?

Hapana, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Mwandishi anachukua sentensi ya benki, anatoa "fedha", anaweka "mkwanja", anadhani kazi imekwisha. Tofauti kubwa iko kwenye kitenzi: nani anatenda, na nani anasemeshwa. Soma kwanza toleo la benki:

"Mkopo hutolewa kwa mteja mwenye umri wa miaka 18 hadi 30 ambaye akaunti yake imekuwa hai kwa muda usiopungua miezi 3. Marejesho yatafanywa kwa awamu 6, na awamu ya kwanza italipwa siku 30 baada ya tarehe ya kupokea mkopo."

Sasa la vijana:

"Una miaka 18 mpaka 30? Akaunti yako ina miezi 3 na unaitumia? Chukua hadi laki 6, rudisha kila mwezi kwa miezi 6. Unaanza kulipa mwezi mmoja baada ya hela kuingia."

Tafuta neno la mtaani kwenye toleo la pili. Kuna "hela" tu, na hilo hata bibi yako analitumia. Kilichobadilika ni kwamba "hutolewa", "yatafanywa" na "italipwa" vimeondoka. Katika toleo la kwanza hakuna anayetoa wala anayelipa, mambo yanatendeka tu, na ile "hu-" inaifanya sentensi isikike kama kanuni isiyo na mwenyewe. Benki inaihitaji sauti hiyo, kwa sababu masharti ni ya wateja wote na si ya mmoja. Katika toleo la pili kila kitenzi kinamgusa msomaji: una, unaitumia, chukua, rudisha, unaanza. Ukifanya hivyo peke yake, bila kuongeza neno lolote la kijiweni, tayari umeshamsogelea kijana.

Ila rudi usome tena, kuna kosa nimeliacha makusudi. Benki imesema siku 30, tangazo limesema mwezi mmoja. Aliyepokea hela tarehe 15 Julai anatakiwa kulipa tarehe 14 Agosti, lakini tangazo limemwambia tarehe 15. Siku moja hiyo inatosha kumwingiza kwenye faini ya kuchelewa. Lugha inaruhusiwa kulegea, tarehe hairuhusiwi. Andika "siku 30" kote kuwili.

Fedha, pesa, hela, mkwanja, mpunga: niandike lipi?

Yapange kama ngazi. "Fedha" ni la juu: taasisi ya fedha, uhamishaji wa fedha, Wizara ya Fedha. "Pesa" liko katikati na linapita popote, ndiyo maana huduma za simu zimelibeba kwenye majina yao. "Hela" ni la nyumbani na la dukani, halimkeri mtu, ila kwenye mkataba hulioni. "Mkwanja", "mshiko" na "mpunga" ni ya vijana, na hapo lazima ujiulize ni vijana wa lini.

Maneno ya aina hiyo huzeeka haraka. Kuna wakati "ngawira" ilikuwa ya mjini. Leo ukiiweka kwenye tangazo la mwanafunzi wa chuo, atajua mara moja kwamba aliyeandika ni mtu wa rika la baba yake. Tangazo linaweza kukaa ukutani miaka miwili, kwa hiyo mimi huandika "hela" na naiacha "mpunga" kwa mtangazaji wa redio anayesema leo na kesho ameshasahau.

Kuna njia iliyo bora kuliko zote hizo, nayo ni kitenzi hai cha Kiswahili cha kawaida. Angalia majina ya mikopo ya simu yaliyoshika mitaani: Fuliza kule Kenya, Songesha hapa Tanzania. "Kufuliza" ni kuendelea bila kukatika, "kusongesha" ni kusukuma mambo yaende mbele. Yote yamo kwenye kamusi, hakuna hata moja la kijiweni, na yote yanaeleza hasa hali ya mtu ambaye salio limemwishia katikati ya safari. M-Shwari nayo ilikwenda njia hiyohiyo kwa neno la mabaharia. Kijana anataka neno linaloeleza siku yake ilivyo, si lazima liwe jipya.

Naweza kuandika "buku", "jero" na "msimbazi" kwenye tangazo la benki?

Kwenye kichwa cha tangazo, "buku" inaruhusiwa. "Weka buku mbili kila siku" inasikika vizuri kuliko "weka akiba ya shilingi 2,000 kwa siku", na kijana wa Mbeya na wa Tanga wote wanaielewa. Sharti ni moja: tarakimu iwepo chini yake. "Buku mbili kila siku, mwisho wa mwaka una 730,000." Aliyezijua buku amefurahi, asiyezijua amepiga hesabu akafika.

"Msimbazi" niliiacha baada ya kufikiri. Noti ya 10,000 ni nyekundu, nyekundu ni Simba, na Simba ni Wekundu wa Msimbazi. Kwa hiyo neno moja limeiingiza benki kwenye ushabiki wa mpira, na hakuna aliyeituma huko. Shabiki wa Yanga ni mteja vilevile.

Kwenye ujumbe unaothibitisha muamala, usitumie neno hata moja kati ya hayo. Pale mtu anataka tarakimu zake zote, na anataka kuzionyesha kwa mwingine kama ushahidi.

Nikiandika kirafiki, nawezaje kuharibu maana?

Nitaeleza lililonipata. Niliwahi kuandikia taasisi moja tangazo la mkopo mdogo, na nilijivunia sana mstari wake wa mwisho: "Chukua leo, rudisha mdogomdogo." Ulisikika vizuri na ulifupisha wazo la kulipa kwa awamu. Uliidhinishwa, ukachapwa.

Baada ya miezi miwili watu wa tawini wakanipigia. Wateja walikuwa wanaleta 20,000, wiki nyingine 15,000, wakati awamu ilikuwa kubwa kuliko hapo na ina tarehe yake. Walipoambiwa wana faini, walitoa kipeperushi: "Si mmesema mdogomdogo?" Walikuwa na haki. Mtaani, kulipa mdogomdogo ni kulipa kadiri unavyopata, bila tarehe na bila kiwango. Ndivyo unavyomlipa fundi cherehani au mwenye duka anayekukopesha unga. Mimi nilisikia "kwa awamu", wao wakasikia kile ambacho neno linasema kila siku. Kijana mmoja alikuwa ameshakatwa faini mara mbili kwa sababu ya mstari wangu, na hilo bado linaniuma.

Tangu hapo, kila tangazo ninaloliandika nalipeleka kwa mtu asiyeujua mkopo wenyewe, namwuliza mambo matatu: utalipa ngapi, utalipa lini, ukishindwa itakuwaje? Kisha namsomea mtu mwingine masharti rasmi na kumwuliza yaleyale. Majibu yakitofautiana, ninalolibadilisha ni tangazo.

Jihadhari hasa na maneno ya malipo, kwa sababu mtaani yote yana desturi zake. "Kukopeshana" kwa rafiki hakuna riba. "Mchezo" wa kina mama una zamu. "Kibubu" hakivunjwi mpaka kijae. Ukiita akaunti "kibubu", mteja atashangaa akikuta makato ya kila mwezi, maana kibubu hakijawahi kumkata mtu.

Riba niiandikeje ili kijana aielewe?

Toleo rasmi haliwezi kuishia kwenye "riba ya asilimia 3 kwa mwezi". Lazima liseme asilimia 3 ya nini. "Riba itakokotolewa kwenye kiasi cha awali cha mkopo" maana yake kila mwezi ni 18,000, kwa miezi 6 ni 108,000. "Riba itakokotolewa kwenye salio linalopungua" maana yake, ukirudisha laki moja ya deni kila mwezi, riba inaanza na 18,000, inashuka 15,000, inaendelea hivyo mpaka 3,000, na jumla ni 63,000. Asilimia ni ileile, tofauti ni 45,000. Kazi yote hiyo imefanywa na maneno machache ya kirasmi, ndiyo maana siwezi kuyadharau.

Kwa kijana, asilimia iache ije baadaye. Anza na hela: "Unachukua 600,000, unarudisha 708,000. Ni 118,000 kila mwezi." Hakuna anayehitaji kufafanuliwa hapo.

Kuna wanaotaka "riba" iitwe "faida" ili isikike vizuri. Usikubali. Kwa Waislamu wengi tofauti ya maneno hayo si ya mapambo: riba ni haramu, na "faida" ndilo neno linalotumika kwenye akaunti zinazoendeshwa bila riba. Kijana wa Unguja au Mombasa akisoma "faida" anaweza kufungua akaunti ambayo dini yake inamkataza.

Ujumbe wa simu una herufi 160 tu. Nawezaje kuwa na adabu na bado nikatosha?

Hesabu mwanzo huu: "Ndugu mteja, tunapenda kukutaarifu kwamba". Ni herufi 41 pamoja na nafasi, robo ya ujumbe, na hujasema kitu. Ninachomwandikia kijana aliyepokea mkopo tarehe 15 Juni ni hiki:

"Umechukua 600,000. Utarudisha 118,000 kila mwezi kwa miezi 6, jumla 708,000. Ya kwanza ni tarehe 15/7. Ukikwama, piga simu mapema kabla ya tarehe."

Hizo ni herufi 146. Hakuna "ndugu" wala "mambo vipi", na bado hakuna aliyevunjiwa heshima, kwa sababu adabu imewekwa mwishoni: "ukikwama, piga simu mapema". Maneno hayo yanamwambia kwamba kukwama kunatokea na kuna mtu wa kuongea naye.

Usitie emoji. Si kwa sababu ya heshima: ukiweka hata moja, simu inabadilisha namna ya kuhesabu na ujumbe mmoja unabeba herufi 70 tu badala ya 160. Huo wa hapo juu utakatika vipande vitatu, na benki italipia vyote vitatu. Alama za kunukuu zilizopinda, zile zinazokuja zenyewe ukinakili kutoka kwenye programu ya kuandikia, zinaleta balaa hilohilo.

Kwa nini benki isiandike kabisa kama watu wanavyochati?

Kwa sababu matapeli wanaandika hivyo. Kila mwenye simu Tanzania ameshapata ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Uangalie ulivyosukwa: hauna salamu, hauna jina, na ile "ile" inajifanya kwamba mlishazungumza. Ni Kiswahili cha kawaida kabisa, cha mtu unayemjua, na ndiyo maana umewaliza wengi.

Sasa fikiria benki yako imetuma: "Oya mwanangu, kuna mchongo hapa, fanya fasta kabla haujaisha, bonyeza hapa." Ina haraka, ina undugu wa ghafla, ina kiungo cha kubonyeza. Mteja makini ataifuta, na huyo ndiye mteja uliyemtaka. Asiye makini ataizoea, na siku tapeli akituma yake ataiona ni ya benki. Kwa hiyo uchangamfu unakaa kwenye bango, redioni na mitandaoni. Ujumbe unaoingia kwenye simu ya mtu kuhusu hela zake uwe mfupi, uwe wazi, ufanane kila mara, na usimharakishe.

Pale panapohusu usalama, maneno rasmi mapya nayo huweza kukosea. "Nywila" ni neno zuri na nalitumia kwenye mwongozo, lakini kwenye onyo naandika "namba ya siri" au "neno la siri". Onyo ambalo mtu analisoma huku akijiuliza neno lina maana gani limeshachelewa.

Tangazo moja linaweza kutumika Dar na Nairobi?

Toleo rasmi linaweza, kwa marekebisho madogo. La vijana haliwezi. Nairobi "mbao" ni shilingi 20, Dar ni za kupaulia. "Soo" kule ni shilingi 100, huku kupata soo ni kuingia matatani. "Buku" yetu ikivuka Namanga haina tena thamani ya shilingi 1,000, kule ni "ngiri" au "thao". Sheng ina mwendo wake na hubadilika hata mtaa kwa mtaa, kwa hiyo mtafute mwandishi wa Nairobi na umlipe. Usiibahatishe ukiwa Kinondoni.

Na sarufi? Vijana wanasema "ndo", "afu", "huwa nalipaga". Niandike hivyo?

"Ndo" na "afu" naziweka mdomoni mwa mhusika, kwenye tangazo la redio au katuni. Taasisi yenyewe inapozungumza naandika "ndiyo" na "halafu". Ile "-aga" ya "nalipaga" ni tamu na imeenea bara zima, lakini mtu wa pwani akiisoma kwenye bango anasikia kosa. Huwa nazungukia: "Kila mwezi nalipa kwa wakati."

Upatanisho wa ngeli usiuguse hata kidogo. "Hela zako", si "hela yako". "Mawakala wetu wanakungoja", si "mawakala yetu". Kijana anaweza kuongea vyovyote akiwa na wenzake, lakini akiona kampuni kubwa imeandika hivyo, hasemi "hawa wako kama sisi". Anasema hawa hawajui Kiswahili, na hesabu zao nazo ataanza kuzitilia shaka.

Kwa upande wa benki: lugha rasmi lazima iwe nzito?

Hapana. Rasmi na nzito ni vitu viwili. Urasmi unahitaji istilahi moja kwa kitu kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukianza na "marejesho" usigeuke ukasema "malipo" aya inayofuata, kwa sababu mwanasheria atauliza kama ni vitu tofauti. Unahitaji pia "kumb. na.", tarehe kamili, na kichwa kinachoanza na YAH. Hayo yana kazi.

Kisicho na kazi ni "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Kichwa kiko hapo juu, msomaji amekiona. Chukua aya hii:

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Uongozi wa benki unapenda kukutaarifu ya kuwa kumekuwepo na ucheleweshwaji wa ufanyikaji wa marejesho ya mkopo wako."

Na hii:

"Awamu ya kwanza ya mkopo wako, shilingi 118,000, ilipaswa kulipwa tarehe 14 Agosti. Hadi leo, tarehe 20 Agosti, benki haijaipokea."

Ya pili ni rasmi kuliko ya kwanza, kwa sababu inaweza kusomwa mbele ya hakimu na kila neno likasimama. "Ucheleweshwaji wa ufanyikaji" unaficha nani kachelewa, kiasi gani, na tangu lini.

Kijana akichelewa kulipa, niendelee na lugha ya kirafiki?

Hapo ndipo ninapoiacha. Nimeona ujumbe wa "Mambo vipi, deni linakumisi!" ukitumwa kwa mtu ambaye bodaboda yake ilikuwa imeibiwa. Anayedaiwa hataki kutaniwa na anayemdai. Watu wamechoshwa na mikopo ya kausha damu inayotuma meseji kwa ndugu na marafiki wa mdaiwa, na benki ikianza utani inasikika kama wale wale.

Siku tatu kabla ya tarehe, lugha nyepesi inafaa: "Jumamosi ni siku ya kulipa 118,000. Hakikisha salio linatosha." Siku moja baada ya tarehe, toa kila kilicho chepesi na uache kitu cha kufanya: "Malipo ya 118,000 ya jana hayajaingia. Kama umepata shida, njoo tawini au piga simu kabla ya Ijumaa tupange upya." Ikifika kwenye barua, ni ile ya Agosti niliyoionyesha hapo juu, yenye aya moja ya kuongeza: "Unaombwa kufika katika tawi lako ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Ukifika, utapewa nafasi ya kueleza hali yako kabla hatua nyingine haijachukuliwa."